UZI: Konklisyo ya memwari, mchango na mapungufu vinaandikwaje bila kuomba huruma na bila kujisifu?

Neema_Goma

Wakubwa na wadogo jambo zenu. Niko Goma, nafunga memwari ya afya ya jamii, sura zote zimepita ila konklisyo direkteri amenirudishia, pembeni ameandika "andika upya, sema ulichokipata" na hakuongeza kitu. Depo iko karibu kwa hiyo mwenye anajua hii mambo anisaidie.

Kazi yenyewe iko hivi. Mnajua huku watu wengi wanavuta maji ku ziwa, na pale ku pointi ya klori kuna mtu anakuwekea dawa na sirenji ndani ya bido kabla hujapandisha nyumbani. Mimi nilifuata maji mpaka nyumbani, asubuhi ya kesho yake nikapima klori iliyobaki, nyumba 126, kartye mbili, moja karibu na ziwa na ingine juu kule mbali. Nikaangalia pia kama maji imelala ndani ya bido yenye kifuniko ao ndani ya ndoo wazi. Nyumba 81 zilikuwa chini ya 0.2 mg/L. Memwari ni ya Kifaransa lakini nawawekea hapa kwa Kiswahili namna nilikuwa nimeandika:

> Mwishoni mwa kazi hii, lengo letu limefikiwa na hipotezi zetu zote zimethibitishwa. Utafiti umeonyesha wazi kwamba kuhifadhi maji katika ndoo wazi kunasababisha kupotea kwa klori na hivyo kueneza kipindupindu katika mji wa Goma. Huu ni utafiti wa kwanza wa aina hii na utakuwa chombo muhimu kwa watoa maamuzi wote. Hata hivyo, kwa kuwa kazi yoyote ya binadamu haikosi kasoro, na kutokana na muda mfupi na uhaba wa pesa, tunaomba wasomaji watuvumilie. Hatudai kwamba tumemaliza somo lote, tunawaachia watafiti wengine waendeleze.

Nisemeni bila kunionea haya.

Bahati243

Dada hii iko sawa kabisa, karibu memwari zote ku maktaba zinaisha hivyo. Mimi kitu ningetoa ni ile ya kasoro na pesa, juu juri wakiona umetaja udhaifu wanakukamatia hapohapo, maswali yote itatoka pale. Acha mchango peke yake, mapungufu waitafute wenyewe.

Espe_Bkv

Neema mbona mipaka umeiweka mwisho? Sisi huku Bukavu mipaka ya somo inaingia ku introdiksyo, unasema kwa nafasi ni Goma, kwa wakati ni kuanzia mwezi fulani mpaka mwezi fulani, basi. Ku konklisyo hairudii tena.

Neema_Goma

@Espe_Bkv hiyo ya nafasi na wakati iko ku introdiksyo yangu dada, niliifanya. Yeye anataka ingine, vitu vyenye vinaweza kufanya matokeo yangu yasiwe vile naisema.

Mzee_wa_Takwimu

Binti Neema, habari ya Goma. Mimi niko Bukavu, nimekaa kwenye meza ya juri miaka mingi, naona direkteri wako amekutendea haki.

Tuanze na ile aya ya kuomba kuvumiliwa. Isome tena halafu niambie: msomaji akiimaliza anajua nini kuhusu maji ya Goma ambacho hakukijua? Hakuna. Hiyo sentensi ya kazi ya binadamu unaweza kuitoa hapo ukaibandika kwenye memwari ya sheria, ya kilimo, ya uchumi, na hakuna atakayegundua. Pungufu la kweli ni lile la kazi yako peke yako, haliwezi kuhamia kwa jirani. Muda mfupi na pesa kidogo ni sababu, bado hujasema zimesababisha nini. Ulikosa pesa, kwa hiyo hukupima kitu gani? Hicho hukukipima ndicho kinachoandikwa.

Sasa upande wa pili, huko juu ulikojisifu, na hapo ndipo naona hatari kubwa zaidi. Umesema "kueneza kipindupindu". Katika nyumba zako 126, ulihesabu mgonjwa hata mmoja?

Neema_Goma

Hapana Prof. Kipindupindu nilikiongelea ku introdiksyo, historia ya mji, Julai 1994 na yote. Ku data hakuna mgonjwa.

Mzee_wa_Takwimu

Basi neno hilo halina kazi kwenye konklisyo yako. Mambo ya 1994 yanaeleza kwa nini swali ni zito, na introdiksyo imeshafanya kazi hiyo. Ulipima klori, sema klori.

Nahitaji namba nyingine. Katika zile 81, ngapi zilikuwa za bido ya kifuniko na ngapi za ndoo wazi? Na hizo ndoo wazi, ziko kartye gani?

Bahati243

Lakini Prof, si kila mtu anajua klori ikishuka kipindupindu kinaingia? Na 0.2 njo kiwango cha OMS, mwenye yuko juu ya 0.2 maji yake iko salama, mwenye yuko chini hayuko salama. Kile kidudu cha kipindupindu kinakufa haraka na klori, hata kidogo. Sioni kosa yake iko wapi.

Mzee_wa_Takwimu

Bahati, kwenye kidudu umesema kweli, kile cha kipindupindu ni dhaifu mbele ya klori kuliko vijidudu vingine vingi. Lakini hayo umeyajua kutoka kwa kazi za watu wengine, Neema hakuyaona. Anaweza kuyataja kwenye sura ya majadiliano kama sababu ya kujali klori. Akiyaandika kwenye konklisyo kama tunda la kazi yake, juri atamuuliza vipimo vya labo viko wapi.

Na 0.2 ina masharti yake. OMS inapoongea juu ya klori kuua vijidudu vizuri inasema angalau 0.5 mg/L baada ya dakika 30, na pH iwe chini ya 8. Ile 0.2 ni kiasi cha chini kinachotakiwa kubaki maji yanapomfikia mtumiaji. Sasa maji ya ziwa Kivu juujuu yana pH karibu 9. Kwenye pH hiyo sehemu kubwa ya klori iko katika ile hali yake inayoua polepole, ingawa kipimo kinakuonyesha namba ileile. Kwa hiyo mtu wa Goma mwenye 0.3 kwenye bido anaweza asilingane na mtu mwenye 0.3 ya maji ya chemchemi yenye pH 7. Neema, pH ulipima?

Neema_Goma

Sikupima Prof. Kipimo kilikuwa kile cha tembe, unatia ndani maji inageuka pinki unalinganisha rangi na macho. Upande wa pH kwenye hiyo boksi tembe zilikuwa zimeisha na hatukupata zingine. Na vijidudu vya kinyesi hatukupima, labo ilikuwa bei.

Mzee_wa_Takwimu

Umeona? Hapo umeandika pungufu la kweli bila kuomba mtu msamaha. "pH haikupimwa, wala vijidudu vya kinyesi." Bado nusu moja: kwa hiyo nini? Kwa hiyo kazi hii inasema juu ya klori iliyobaki, haisemi ni nyumba ngapi zilikunywa maji salama, na kwa sababu maji ya ziwa yana pH ya juu, hata zile nyumba 45 zilizofika 0.2 haziwezi kuitwa salama kwa kipimo hiki. Sentensi moja, msomaji ameshajua asitumie namba yako kwa kazi gani. Wewe hukudhoofika, umemwekea alama barabarani.

Kalume_Lushi

Jambo bote. Miye niko Lubumbashi, na yangu inafanana kidogo lakini ni ya mahojiano. Niliongea na wachimbaji wa mkono 14 njia ya Kolwezi, juu ya namna wanagawanya pesa kisha kuuza mawe. Asistan wangu ananilazimisha niandike "sampuli yetu ni ndogo, haiwakilishi, tunasikitika". Niliandika vile lakini moyo inakataa, juu sikukuwa natafuta pursantaje. Nifanye je?

Mzee_wa_Takwimu

Kalume, moyo wako uko sawa. Kwa swali la namna watu wanavyogawana, 14 si lazima iwe udhaifu, hukuahidi kuhesabu. Jiulize kitu kingine: nani hakuwepo kwenye hao 14? Mabosi wa mashimo? Wanawake wanaoosha mawe? Wale waliogombana na kikundi wakaondoka?

Kalume_Lushi

Wamama wenye kuosha sikuongea nao hata mmoja. Mwenye alikuwa ananipeleka alikuwa kiongozi wa timu, kila mtu niliongea naye ni yeye njo alinionyesha.

Mzee_wa_Takwimu

Ndilo hilo sasa. "Wahojiwa wote walipatikana kupitia kiongozi wa timu, na hakuna mwoshaji aliyehojiwa, maelezo ya mgao yaliyomo humu ni ya upande wa wachimbaji na wanaosimama vizuri na kiongozi, migogoro inaweza kuwa mingi kuliko ilivyosimuliwa." Hii inamwambia msomaji uelekeo: kama kuna kosa, liko upande wa kuonyesha amani kuliko iliyopo. Neno "ndogo" halimwambii chochote.

Kalume_Lushi

Aksanti sana muzee, njo nilikuwa natafuta kwa kweli. Juu ya asistan nitaona namna ya kumwambia.

Asistan_Jo

Naomba kuingilia, Prof kwa heshima yote. Mimi ni asistan kwenye fakilte moja hapa Goma na nawaongoza wanafunzi kila mwaka. Ile sentensi ya kazi ya binadamu haikosi kasoro ni adabu yetu. Mwanafunzi anaongea na wakubwa, hawezi kufunga mdomo tu kama vile anajua yote. Kuna maprofesa wakifika mwisho wasipoikuta wanasema huyu mtoto ana kiburi, na inaweza kumgharimu pointi. Nyie mko mbali mnampa ushauri, siku ya defansi ni yeye atasimama pale.

Bahati243

+1 kwa asistan. Njo nilisema.

Mzee_wa_Takwimu

Asistan Jo, heshima yako naipokea, na ulisemalo lipo, nimekaa na wenzangu wa namna hiyo. Adabu ina mahali pake, kuna dibaji, kuna shukrani, kuna dakika ya kwanza ya defansi anaposimama na kusalimia juri. Huko aseme yote. Ninachokataa ni adabu kukalia kiti cha taarifa, kwa sababu nimeona mara nyingi mwanafunzi akiisha kuandika ile sentensi anahisi ameshafanya mapungufu, anafunga, na yale ya kweli hayaandiki kabisa.

Na wewe Bahati ulisema mapungufu waitafute wenyewe. Wataitafuta. Mtu akiuliza "pH je?" na kwenye ukurasa wa konklisyo imeshaandikwa pamoja na maana yake, Neema anajibu kwa kusoma mstari. Isipoandikwa, anaanza kujitetea na jasho linatoka.

Neema, bado sijapata ile hesabu yangu.

Neema_Goma

Samahani Prof moto ulikuwa umekatika kartye yetu. Ni hivi, nimerudi ku Excel:

Bido za kifuniko nyumba 58, chini ya 0.2 zilikuwa 29. Ndoo wazi nyumba 68, chini ya 0.2 zilikuwa 52. Kwa hiyo nusu kwa nusu upande wa bido, na asilimia 76 upande wa ndoo. Na ndiyo, ndoo wazi nyingi ziko kartye ya juu, 47 kati ya 68.

Mzee_wa_Takwimu

Hapo ndipo nilipokuwa na wasiwasi. Kartye ya juu maji yanasafiri mbali zaidi, yanakaa muda mrefu zaidi kabla ya kufika, na huenda pointi yao ya klori ina mtu mwingine mwenye mkono mwingine kwenye sirenji. Sasa tofauti ya pointi 26 ni ya ndoo au ni ya kartye? Ukiandika "ndoo wazi inasababisha" umeshajibu bila kuangalia. Gawa tablo: ndani ya kila kartye peke yake, linganisha bido na ndoo.

Neema_Goma

Nimefanya Prof.

Kartye ya karibu na ziwa: bido 39, chini ya kiwango 18. Ndoo 21, chini ya kiwango 14.
Kartye ya juu: bido 19, chini ya kiwango 11. Ndoo 47, chini ya kiwango 38.

Kwa hiyo karibu na ziwa ni 46 kwa 67 kwa mia, juu ni 58 kwa 81 kwa mia. Tofauti iko pande zote mbili! Nilianza kuogopa itapotea.

Mzee_wa_Takwimu

Vizuri sana. Tofauti ni 21 chini na 23 juu, badala ya 26. Imepungua kidogo, maana sehemu ndogo ilikuwa ya kartye, lakini iliyobaki inaelekea upande mmoja kote kuwili. Huu ndio mchango wako binti, na ni mkubwa kuliko ile "chombo muhimu kwa watoa maamuzi wote" kwa sababu huu mtu anaweza kuushika. Kitu kingine: ile kartye ya juu hata bido zenye kifuniko 11 kati ya 19 zimeshuka. Kifuniko peke yake hakijatosha kule. Usilifiche hilo, hata kama linapunguza utamu wa hadithi ya ndoo.

Lakini angalia, vikundi hivi ni vidogo. Kwa nyumba zote pamoja tofauti ni 26, na kwa wingi huu wa nyumba ukweli unaweza kuwa popote kati ya 10 na 43 hivi. Mwisho wa chini ni 10, bado ni tofauti. Ndani ya kartye mojamoja mipaka inapanuka zaidi, kwa hiyo sema "inaelekea upande uleule", usiseme imethibitishwa mara mbili.

Na neno "inasababisha" linatoka. Hukuwagawia watu vyombo, ulikuta wanavyo. Mwenye ndoo wazi anaweza pia kuwa na watoto wengi wanaochota kwa kikombe kutwa nzima, au aliteka maji mapema zaidi. Saa ya kuteka uliipataje?

Neema_Goma

Niliuliza tu, walinijibu "jana mchana", "jana jioni", wengine hawakukumbuka. Na kiasi cha klori kwenye kila bido pale ku pointi sikupima, niliona tu sirenji.

Mzee_wa_Takwimu

Basi hayo mawili yanaingia, yakiambatana na ile sentensi ya ndoo, kwa sababu ndiyo yanayoigusa. Usiyapange mwisho kwenye orodha yao peke yao kama watuhumiwa. Pungufu likae karibu na dai linaloliwekea kikomo.

Espe_Bkv

Sasa nimeelewa mnaongelea nini, samahani Neema. Na swali langu, je msimu? Alipima kiangazi tu. Akiandika matokeo ni ya kiangazi ni pungufu ao ni ile delimitasyo yangu?

Mzee_wa_Takwimu

Espe swali zuri. Kwenye introdiksyo unasema ulipima kiangazi, basi. Kwenye konklisyo unasema hiyo inafanya nini kwa matokeo. Mvua ikinyesha maji ya ufukweni yanachafuka, uchafu unakula klori, kwa hiyo ungefikiri hali ingekuwa mbaya zaidi. Lakini masika watu wengi wanakinga maji ya bati, ambayo hayapiti pointi ya klori kabisa, na wanaoteka ziwani wanapungua. Mimi siwezi kusema jumla ingepanda au kushuka, na Neema asijifanye anaweza. Aandike kwamba uelekeo haujulikani na atoe hizo sababu mbili.

Asistan_Jo

Hapo na mimi nakubali. Ila "utafiti wa kwanza" mngemwachia, juu kweli sijaona mwingine hapa kwetu.

Mzee_wa_Takwimu

Wewe hujaona, mimi sijaona, lakini mashirika yanayosimamia pointi za klori yana ripoti zao ndani na sisi hatuzisomi. Aseme alitafuta wapi na hakupata nini. Kitu kama "katika memwari za maktaba mbili tulizopitia hatukukuta kazi iliyofuata maji kutoka pointi hadi nyumbani". Ikitokea mtu ana ripoti hiyo, sentensi yake haitakuwa uongo.

Neema_Goma

Nimekaa na hii mchana wote. Nimejaribu hivi, muniangalilie:

> Tulitaka kujua kiasi cha klori kinachobaki nyumbani siku inayofuata baada ya maji ya ziwa kutiwa dawa kwenye pointi. Katika nyumba 126 za kartye mbili za Goma, 81 zilikuwa chini ya 0.2 mg/L. Kushuka huko kulionekana zaidi kwa maji yaliyolala katika ndoo wazi (52 kati ya 68) kuliko katika bido yenye kifuniko (29 kati ya 58), na tofauti ilielekea upande uleule katika kila kartye. Hata hivyo, katika kartye ya mbali na ziwa, bido 11 kati ya 19 zenye kifuniko nazo zilikuwa chini ya kiwango. Kwa kuwa kiasi cha klori kilichowekwa kwenye kila bido hakikupimwa na saa ya kuteka ilitegemea kumbukumbu ya mhojiwa, hatuwezi kutenga athari ya chombo na ile ya dozi au ya muda.
>
> Tulipima klori peke yake. pH na vijidudu vya kinyesi havikupimwa; kwa maji ya ziwa yenye pH ya juu, nyumba iliyofikia 0.2 mg/L haiwezi kuhesabiwa kuwa na maji salama kwa kipimo hiki. Nyumba zilizoingia ni zile zilizokuwa na mtu mzima asubuhi. Vipimo vilichukuliwa kiangazi. Masika uchafu wa maji unaweza kushusha klori zaidi, lakini matumizi ya maji ya mvua yanabadilisha idadi ya wanaoteka ziwani, kwa hiyo hatujui matokeo yangeelekea wapi.
>
> Katika memwari za maktaba mbili tulizopitia hatukukuta kazi iliyofuata maji hayo kutoka pointi hadi nyumbani. Kazi hii inatoa vipimo hivyo kwa kartye mbili.

Bahati243

Eh dada. Nakubali, hii inasomeka kama mtu mwenye alifika ku terrain.

Kalume_Lushi

Nimekopi namna ya kuipanga, si maneno haha. Ile ya "hatuwezi kutenga" inanifaa.

Mzee_wa_Takwimu

Imesimama. Nina mambo matatu madogo. "Nyumba zilizokuwa na mtu mzima asubuhi" umeiacha njiani, haina "kwa hiyo". Nyumba ambazo wote wanatoka alfajiri kwenda sokoni au kubeba mizigo hazimo, na huenda hao wanateka jioni, maji yao yanakaa muda mfupi zaidi. Kama una sababu ya kufikiri hivyo iweke, kama huna sema tu hazimo.

Lile "hata hivyo" kabla ya bido 11 litoe, linafanya tokeo lionekane kama aibu. Ni tokeo kama mengine.

La tatu ni kubwa kidogo. Ile hesabu ya kartye kwa kartye umeifanya leo. Konklisyo haileti tablo mpya, juri akifungua sura ya matokeo asipoikuta atauliza imetoka wapi. Lazima iingie sura ya tatu kwanza, na aya moja ya majadiliano.

Neema_Goma

Ndiyo naona Prof, itabidi nimwombe direkteri afungue tena sura ya tatu na alikuwa ameshaisaini. Na rekomandasyo je? Niko nazo 11, kwa serikali, kwa mashirika, kwa wakazi, kwa watafiti.

Mzee_wa_Takwimu

Mbele ya kila moja andika namba ya tablo inayoibeba. Isiyo na namba itoke.

Neema_Goma

Zimebaki mbili. Kupima dozi inayowekwa ku bido pale pointi ya kartye ya juu, na kufuatilia bido za kifuniko dhidi ya ndoo kwa nyumba zilezile. Ile ya "serikali ijenge mtandao wa maji mji mzima" sina tablo yake, hata kama naitaka kwa roho yote.

Asistan_Jo

Mbili kwa memwari nzima? Wataona haukufanya kazi. Weka hata tano, Neema. Ile ya mtandao wa maji ni kweli na kila mtu hapa mjini anaijua.

Mzee_wa_Takwimu

Ni kweli na inaweza kukaa kwenye majadiliano kama mazingira ya tatizo. Lakini hapa sitakulazimisha binti, fakilte nyingine wanadai idadi fulani, uliza direkteri wako kabla ya depo.

Neema_Goma

Nitamuuliza kesho pamoja na ile ya sura ya tatu. Na ile sentensi ya kazi ya binadamu nimeihamisha ku dibaji, nusu ya njia kati yenu wawili.

Asistan_Jo

Ku dibaji wengi hawafiki, lakini sawa.

Espe_Bkv

Neema usisahau rezime. Mimi rafiki yangu alibadilisha konklisyo yote, rezime ya mwanzo ikabaki na maneno ya zamani, na juri wengine wanasoma rezime tu.

Neema_Goma

Weee aksanti Espe. Nimefungua saa hii, iko imeandikwa "tumethibitisha kwamba ndoo wazi zinaeneza kipindupindu". Naibadilisha kabla ya kulala.